Fuvu kwenye Picha ya Kinyozi

Watu hawajui kusoma. Herufi wanazijua, shule walikwenda, lakini mpe mtu chupa ya dawa yenye maandishi pande nne, atasoma jina kubwa la mbele na kutazama picha ya nyanya, kisha akuulize, "Hii ni ya nini?" Nina cheti cha kilimo na miaka kumi na moja nyuma ya kaunta ya duka la pembejeo, na nusu ya miaka hiyo nimeimaliza nikijibu swali hilo.

Tangu simu zenye kamera zilipoenea, hawaji tena hata dukani. Wanapiga picha. Picha imepinduka, picha ina giza, picha ina dole gumba juu ya sehemu pekee niliyoitaka. Mmoja alinitumia picha ya kizibo. Kizibo tu, cha buluu, akataka nimwambie kilichomo ndani. Mwingine alikuwa amenunua dawa yenye mstari wa kijani chini ya lebo, akaniambia kwa kujiamini kabisa kwamba kijani ni ya mboga za majani na nyekundu ni ya nyanya. Mstari ule ni wa ukali wa sumu. Nyekundu ndiyo kali kuliko zote, halafu njano, halafu buluu, na kijani ndiyo yenye hatari ndogo. Nimewachorea kwenye ubao mlangoni. Wanaegemeza baiskeli kwenye ule ubao.

Lakini hakuna aliyenichosha kama shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Ni kinyozi, na kwa kuwa watu anaowanyoa hawawezi kuinuka wembe ukiwa shingoni, amezoea kusikilizwa. Mtaani wanamwita Profesa. Wao wanamtania, yeye anaitika. Profesa ana maoni kuhusu benki, kuhusu figo, kuhusu namna ya kumwaga zege. Na tangu mdogo wangu alipojifungua, miezi mitano sasa, ana maoni kuhusu usafi. Kila siku picha. Sabuni ya sakafu: "Shemeji, hii vipi?" Dawa ya mbu: "Shemeji, hii ni kiboko, eh?" Siku moja alinitumia chupa mbili pamoja, ya kung'arishia nguo na ya choo yenye asidi, akaniarifu kwamba anataka kuzichanganya zisaidiane. Nilimwambia zikichanganywa zinatoa hewa inayokaba mapafu. Akajibu, "Nilikuwa nakupima tu." Mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Basi siku ile, saa mbili na nusu asubuhi, simu ikalia kwenye kaunta. Profesa. Niliona kwa juu kijipicha cha kitu cha rangi ya fedha, na maneno: "Shemeji, hii ni ya kunguni kweli? Nijibu."

Sikufungua. Nasema kama ilivyokuwa. Duka lilikuwa tupu, nilikuwa nimekaa nakunywa chai, na nikajiambia leo simjibu, acha ajifunze kusoma kama watu wengine. Nikaigeuza simu kifudifudi. Saa tano ikalia tena, nikaona jina lake, nikaiacha.

Saa saba akaja jirani yangu, fundi cherehani wa mlango wa pili, tukala pamoja kama kawaida. Tulipomaliza akaniuliza habari za Profesa, kwa sababu Profesa ndiye burudani yetu. Nikamwambia subiri, leo kaleta nyingine, tucheke. Nikafungua.

Ujumbe wa saa tano ulisema hivi: "Umekuwa bize naona. Nimeweka vidonge vinne chini ya godoro, nimefunga madirisha kama muuzaji alivyosema. Kuna fuvu, hiyo ni alama ya nguvu ya dawa, kunguni kwisha. Mama na mtoto nimewaambia wakae chumba cha pili mpaka jioni."

"Alama ya nguvu," fundi alisema, akaanza kucheka. Na mimi nilicheka. Ndipo nikaivuta picha kwa vidole viwili ikawa kubwa.

Ulikuwa mrija wa alumini wenye kifuniko cha plastiki. Jina la biashara kwa herufi kubwa, chini yake picha ya magunia na mahindi. Hapakuwa na mdudu wa kitanda popote. Halafu alama tatu, kila moja ndani ya mraba uliosimama kwa pembe, wenye ukingo mwekundu. Fuvu na mifupa miwili, maana yake inaweza kumuua mtu upesi, kwa kuila au kuivuta. Moto. Samaki aliyekufa kando ya mti mkavu. Mstari wa chini mwekundu. Dole gumba la Profesa lilikuwa limefunika nusu ya maandishi, kama ilivyo ada yake, lakini nusu iliyobaki ilinitosha: fosfidi ya alumini, asilimia hamsini na sita. Kwa nafaka, katika ghala lililozibwa. Isitumike katika nyumba ya kuishi.

Kile kidonge si dawa ya kupaka wala ya kunyunyiza. Kinakaa kimya mpaka unyevu wa hewa ukifikie, kisha kinageuka gesi. Ndiyo maana kimefungwa ndani ya alumini. Gesi hiyo inapenya gunia, inapenya punje, inamfuata mdudu mpaka ndani ya hindi. Chumba kimoja na kingine katika nyumba ile vinatengwa na ukuta usiofika kwenye dari. Nimelala pale, usiku nilimsikia mtu akijigeuza upande wa pili.

Nilimpigia mdogo wangu. Simu ililia mpaka ikakata. Nikapiga tena.

"Dada," akaitika, sauti nzito. "Nilikuwa nimelala kidogo. Kichwa kinaniuma. Mtoto naye katapika mara mbili, nadhani ni maziwa."

"Mchukue mtoto, toka nje sasa hivi."

"Kuna nini? Ngoja nivae."

"Toka ulivyo. Acha mlango wazi. Chumba cha kulala usikifungue, usiende kutazama, usimwage maji. Kile alichoweka mumeo kinatoa gesi inayoua."

"Kuna harufu kama ya kitunguu saumu," akasema taratibu. "Nilidhani jirani anapika."

"Jirani naye mgongee atoke. Toka."

Nikasikia mlango, kisha barabara, kisha mdogo wangu akilia. Fundi alikuwa ameshasimamisha pikipiki mbele ya duka. Nilimwambia mdogo wangu amkimbize mtoto hospitali, nikamwachia fundi funguo, sikufunga hata droo, na njiani nikawapigia Profesa na zimamoto.

Hospitalini Profesa alikuwa amefika kabla yangu, bado na lile koti lake jeupe la kunyolea, nywele za mteja zimejaa mabegani. Alikuwa anamweleza daktari wa zamu, na aibu niliyoisikia siwezi kuisema. "Ni dawa ya kunguni, daktari. Ya kawaida tu. Ya vidonge."

Daktari alikuwa mwanamke kijana aliyekuwa na macho ya kuchoka. Alikuwa anammulika mtoto machoni. "Dawa za kunguni ni mia," alisema. "Nyingi ni za jamii moja, na hizo zina sindano yake. Lakini huyu mboni zake si ndogo, mate hayamtoki. Haifanani. Chupa iko wapi?"

"Imebaki ndani," alisema Profesa.

Nilimpa daktari simu yangu. Aliikuza picha kama nilivyoikuza mimi, akasoma, akapiga simu kwenye kituo cha sumu, akawasomea neno kwa neno: jina la kiungo, asilimia, gramu za kidonge. Alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akasema ile sindano iwekwe kando, si ya sumu hii.

"Ya hii ni ipi?" mdogo wangu akauliza.

"Hakuna, mama. Gesi hii haina kiua sumu. Tunampa oksijeni na maji ya mshipa, tunaulinda moyo, tunasubiri mwili wake uishinde. Kesho mchana tutajua zaidi."

Mdogo wangu naye alilazwa, kitanda cha pembeni. Mimi na Profesa tulikaa benchi moja kwenye korido mpaka asubuhi, yeye mwisho huu na mimi mwisho ule. Watu wa zimamoto walipiga simu kusema wamevitoa vile vidonge wakiwa wamevaa vinyago vya gesi, na kwamba nyumba isiingiwe kwanza. Nilimtazama anavyoitikia "sawa, mkuu, sawa" na nikamchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote. Mtoto wa miezi mitano anavuta hewa kwa mpira, kwa sababu baba yake kaona fuvu akadhani ni sifa.

Kesho yake saa sita daktari alitoka. Moyo umetulia, alisema. Mapafu yako safi kwa sasa, watamwangalia siku mbili zaidi, lakini anaamini atapona. Mtoto alikuwa amenyonya.

Wakati huo mama yake Profesa alikuwa amefika na watu wa mtaani wanne. Mama alinikumbatia mbele ya wote akasema bila mimi angezika mjukuu. Wengine wakaitikia. Kisha wote wakamgeukia Profesa, na mama yake mzazi ndiye aliyeanza: kichwa kigumu, mjuaji, mdomo mrefu. Profesa alikuwa amesimama ukutani, akikung'uta nywele za mteja kwenye koti lake.

Ningenyamaza pale, ingetosha. Lakini ulimi wangu una mazoea yake.

"Mtu mzima," nikamwambia, "mwenye macho mawili. Unaona fuvu, unaona moto, unaona mstari mwekundu, unaona magunia. Unashindwaje kuelewa kitu ambacho kimechorwa? Kimechorwa kwa ajili ya wasiojua kusoma."

Alinitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Sikuelewa, shemeji," alisema. "Ndiyo maana nilikuuliza. Muuzaji alisema ni ya kunguni, mimi nikaona lile fuvu, nikasita. Nikapiga picha. Nilikaa nayo mkononi mpaka saa tano nakusubiri, wateja wananiita kazini. Nikasema, kama ingekuwa mbaya, shemeji angenipigia."

Mama akanigeukia. Nadhani alitaka niseme kwamba picha ilichelewa kufika, au kwamba duka lilikuwa na watu. Maneno yote mawili yalikuwa tayari mdomoni, na wote pale wangeniamini.

Mlango wa wodi ulikuwa wazi. Mdogo wangu alikuwa ameketi kitandani, mtoto kifuani, na alikuwa amesikia yote.

"Dada," aliniita. "Uliiona saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu," nikasema.

Aliinamisha kichwa, akamfunika mtoto miguu, na hakunitazama tena siku ile.