Bahasha ya Wiki ya Nane

Kwa wiki kumi na nne mume wa mama mmoja aliugua, na kila Ijumaa shemeji yake, ndugu wa mumewe, alimletea bahasha ya mshahara kutoka kiwandani. Mwanzoni ilikuwa na elfu sitini, kisha ghafla thelathini. Mama akaingiwa na shaka, akamwomba Mungu amsamehe, akaenda kwa karani wa mishahara.

"Mama, mgonjwa hulipwa kamili wiki nane, kisha nusu," karani akasema. "Nane za sitini, laki nne na themanini. Sita za thelathini, laki moja na themanini. Jumla laki sita na sitini."

Mama alikuwa amepokea laki sita na thelathini. Karani akamfungulia daftari: wiki ya nane, elfu sitini, sahihi ya shemeji.

Jioni mama akamuuliza shemeji yake mbele ya mgonjwa, "Shemeji, nusu ilianza wiki ya ngapi?"

"Ya nane! Mbona unanihoji kama polisi?" akacheka.

"Nimeiona sahihi yako. Ya nane ulichukua kamili."

Kicheko kikakatika. Shemeji akamtazama kaka yake, naye akageukia ukuta.

"Nilikuwa nitarudisha, shemeji."

"Basi rudisha. Na Ijumaa nitakwenda kuchukua mwenyewe."