Bei ya Siku ya Kupakia

Wakala wake wa Juba alipopiga simu kusema Faustino amelipa deni lote, Hajati Kaltumi alimshukuru, akakata simu, kisha akaketi juu ya gunia tupu. Mashine zote mbili za kusaga zilikuwa zikinguruma. Hapo Kisenyi, mtaa wa vinu mjini Kampala, mtu huzoea kelele hiyo hadi asiisikie, lakini siku ile aliisikia.

"Amelipa?" kaka yake Abdunoor akauliza.

"Amelipa. Pauni milioni ishirini, hakupunguza hata moja."

"Sasa mbona uso huo?"

"Zinanunua dola elfu tano."

Ankara ilikuwa ya dola elfu kumi. Kaltumi aliuza unga wake kwa dola kwa sababu pauni ya Sudan Kusini ilikuwa ikiyeyuka kama mafuta juani, na Faustino, mfanyabiashara wa huko, hakuwa na fedha nyingine ya kulipia. Basi deni lilihesabiwa kwa dola, malipo yakafanywa kwa pauni. Chini ya ankara paliandikwa sharti: dola moja itahesabiwa kwa bei ya sokoni ya siku ya kupakia. Siku hiyo dola ilikuwa pauni elfu mbili. Unga ukauzwa polepole, mvua ikakata njia, miezi ikapita. Faustino alipolipa, dola ilikuwa pauni elfu nne.

Sharti lile alilitia Kaltumi mwenyewe. Pale kwao, gunia la mwisho likishapanda lori, muuzaji na mnunuzi hulamba unga kidogo viganjani, na bei haiguswi tena. Ndivyo alivyofanya marehemu baba yao. Kaltumi aliona aibu kuandika bei itakayobadilika baada ya watu kulamba unga.

"Dola yako ilikuwa jina tu," Abdunoor alisema kwa uchungu. "Siku ile ile uliigeuza pauni, ukamkopesha pauni."

Wakulima wa Masindi walikuwa wakimdai Kaltumi pesa za mahindi, na walidai kwa shilingi, si kwa aibu.

Faustino mwenyewe alikuwa Kampala. Mchana alikuja kuchukua mzigo wa pili. Lori lilikuwa limeshapakiwa uani, ila unga haujalambwa wala ankara haijatiwa sahihi.

"Umekonda, Faustino," Kaltumi alimkaribisha. "Umekonda kama pauni yenu."

Faustino akacheka kidogo. "Pauni yetu haijakonda, Hajati. Imezikwa."

"Mzuilie lori," Abdunoor alinong'ona kwa Kinubi, lugha ya nyumbani kwao. "Alipe elfu tano zilizobaki ndipo litoke."

Kaltumi akamgeukia mgeni. "Niambie kweli. Unga wangu uliuuza kwa bei gani?"

Faustino aliangalia viatu vyake. "Mwanzo, kwa bei ya zamani. Baadaye nilipandisha kila dola ilipopanda. Nimepata, Hajati. Siwezi kukuficha. Lakini nimelipa ulivyoandika."

"Umelipa nilivyoandika," Kaltumi alikubali. "Deni limekwisha."

"Kaltumi!" Abdunoor akapaza sauti.

"Limekwisha, kaka. Nikidai leo nisichokiandika jana, kesho nani atasaini karatasi yangu?"

Kisha akaandika ankara mpya. Dola zilikuwa zile zile, lakini sharti lilikuwa jingine: dola itahesabiwa kwa bei ya sokoni Juba asubuhi ya siku ya malipo, wakala aulize wabadilisha fedha watatu na kuchukua bei ya katikati.

Faustino alisoma, akairudisha. "Unanitwisha mimi. Nikikusanya pauni mwezi mzima, zitaoza mkononi mwangu."

"Basi usizikusanye. Kila Ijumaa mpelekee wakala ulichouza. Atakigeuza dola kwa bei ya siku hiyo, na hizo dola zitakatwa kwenye deni. Pauni zikianguka Jumamosi, hazijakugusa."

"Na wateja? Nitawapandishia kila wiki?"

Kaltumi aliwafahamu wateja hao; jamaa zake wengine hununua unga kwa kikombe huko huko Juba. "Hilo sina dawa yake," alisema. "Ningekuwa nayo ningeiandika."

Faustino akatia sahihi. Wakalamba unga, kisha lori likatoka.

Jioni walikuja wanunuzi aliowaita Kaltumi, wachukue mashine ya pili ya kusaga. Walifungua mikanda, wakalegeza nati sakafuni, wakaisukuma nje juu ya mabomba. Abdunoor aliwasaidia. Kaltumi alipokea pesa, akazituma kwa wakulima wa Masindi papo hapo, kisha akachukua ufagio na kufagia unga mweupe uliokuwa umelala chini ya mashine ile miaka yote.