Nauli ya Triza

"Watu wazima wawili, mia nne nne, ni mia nane," karani wa basi la Kakamega alisema. "Kijana wa miaka minane analipa nusu, mia mbili. Sanduku ni mzigo wa ziada, mia sita. Jumla elfu moja mia sita."

"Huyo aliye sandukuni ni mtoto wetu, bwana," Mulongo alisihi. "Ana miaka miwili."

"Angekuwa hai angepakatwa bure, mzee. Maiti hulipiwa kama mzigo."

Muhonja alitamani kumtemea mate usoni. Mchango wa majirani wa mtaa wa Baba Dogo ulikuwa umemezwa na mochari na fundi wa sanduku, ikabaki elfu moja tu.

Akamshika mumewe mkono, wakaenda nyuma ya vibanda. Hapo alifungua sanduku, akambeba Triza mgongoni kwa leso kama alivyombeba kila siku akienda sokoni Gikomba, akamfunika kichwa. Sanduku wakaliacha hapo hapo, wakaenda kwa kampuni nyingine.

"Wakubwa wawili, mtoto mmoja nusu, wa mgongoni bure," karani wa pili akahesabu. "Elfu moja. Mna mzigo, mama?"

"Hatuna," Muhonja alijibu.