Jibu Lilelile la Bwana Mafaili

Tarehe mosi simu ilitoa mlio. Mama Pasi alikuwa ameketi juu ya marobota ya mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali, miguu imemvimba. Ulikuwa ule ujumbe wa kila mwezi wa shule ya jioni anakosomea utunzaji wa kumbukumbu, unaouliza kwa zamu: mwezi mmoja ujuzi, mwezi wa pili watu, wa tatu hatua, kisha unaanza upya.

Huu ulikuwa mwezi wa watu. *Umezungumza na nani anayefanya kazi unayoitaka?* Chini yake, kama kawaida, yaliwekwa majibu ya zamu zilizopita. Mara tatu aliandika: "Nitamwona Bwana Mafaili." Miezi tisa alimwomba Mungu asubuhi na jioni kuhusu mzee huyo wa chumba cha kumbukumbu cha hospitali, wala hakuwahi kumpa hata salamu ndefu. Na asipopata mahali pa mazoezi ya kazi kufikia Ijumaa, atarudia mwaka mzima wa masomo.

Shoga yake wa hapo kufulia alichungulia simu, akacheka hadi akashika mashine. "Mwenzangu, Mungu ameshasikia. Sasa anayesubiri kusikia ni mzee."

Mchana alikwenda, aproni ikiwa bado mbichi. Alijieleza kwa kigugumizi, akiomba nafasi ya mazoezi. Bwana Mafaili alivua miwani.

"Nafasi nimempa mtu wiki iliyopita, mama. Kila siku unapita hapo mlangoni na toroli. Mbona hukusema?"

Alimwomba Mungu kimoyomoyo amsaidie tu kutoka pale bila kulia. Lakini mzee alimsogezea rundo la mafaili, akamwambia ayapange, labda kwa kumhurumia. Mama Pasi akaanza na tarakimu mbili za mwisho za kila namba, kama alivyofundishwa, kisha za katikati, kisha za mwanzo. Mzee alivaa miwani tena, akamtazama. Mafaili ya hospitali hupangwa kwa tarakimu za mwisho, lakini wageni wote huanzia mwanzo wa namba na kuvuruga rafu nzima.

Alipomaliza, mzee alipiga simu kwenye zahanati ya mtaa wa pili, kwa mama mmoja wa kumbukumbu aliyewahi kufanya naye kazi. Alimweleza kwa kifupi, kisha akampa Mama Pasi simu.

Yule mama aliuliza mambo mawili tu: anajua kupanga, na ataweza kufika saa moja asubuhi?

Saa moja asubuhi ndipo zamu yake ya kufulia inapoanza. Maana yake angeomba zamu ya usiku, asome jioni, alale mchana, tena kidogo. Alihisi mifupa yote ikimlalamikia.

"Nitaweza, dada," akasema.

"Basi njoo Alhamisi na barua ya shule."

Alimrudishia mzee simu yake, akashukuru, akaenda kumtafuta msimamizi wa zamu.