Shela la Esperance

Mwezi haukuonekana. Msikiti ulitangaza baada ya magharibi kwamba tutafunga siku moja zaidi, na watu wote wa mtaa wetu hapa Rumonge wakasema basi, Alhamdulillahi, Idi ni Alhamisi. Mimi nilikuwa na kijiko cha uji mkononi. Nikakirudisha bakulini.

Mimi Mwasiti kazi yangu ni kupamba bibi harusi. Mama Hadjara, jirani yangu, aliniambia zamani kwamba binti yake Hadjara ataolewa Idi tatu, siku ya tatu ya Idi. Hakutaja tarehe, sisi hatutaji, tunangoja mwezi. Nami kwa kiherehere changu nikajiambia Idi itakuwa Jumatano, kwa hiyo Idi tatu ni Ijumaa. Jumamosi nikampa bibi harusi mwingine, Esperance. Sasa Idi tatu imekuwa Jumamosi. Maharusi wawili, asubuhi moja, mikono miwili. Mjinga mimi!

Wapambaji wenzangu wote mpaka Nyanza-Lac walikuwa wameshachukuliwa. Niliuliza, wakanicheka.

Esperance ni Mkongo wa Kivu, anauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Hana mama, hana shangazi, mwanakwaya mwenzake mmoja ndiye wa kumshikia gauni. Alipokuja kwangu hakuuliza bei ya poda. Aliuliza, "Mama Mwasiti, ukimaliza kunipamba, utanishushia shela pale mulangoni? Kwetu ni mama ndiye anashusha. Watu wa bwana watakuwa wanaangalia." Nikamwambia, mwanangu, hilo tu? Nitakushushia na vigelegele nitapiga.

Na Hadjara ana mama, ana bibi, ana mashangazi wa kujaza kivuko, kila mmoja na mdomo wake.

Asubuhi nikakaa na simu. Niliandika kwamba naumwa. Nikafuta. Niliandika kwamba kuna msiba Gitaza. Astaghfirullahi, na saumu yangu mdomoni! Nikafuta. Nilitafuta hasira, nilitafuta machozi, sikupata hata kimoja. Nilikuwa mkavu, vidole vyenyewe ndivyo vinaandika:

"Esperance mwanangu, amahoro. Nimekosa. Jumamosi yako nimewapa watu wawili, wewe na Hadjara, kwa sababu nilihesabu mwezi vibaya. Kosa ni langu, si lako. Saa mbili tuliyopatana sitaweza kuja. Naweza kuja saa kumi na moja alfajiri, nikupambe, kisha niondoke. Kama hutaki, nitakurudishia arbuni yako leo, na una haki ya kunisema. Nisamehe."

Sikumwandikia kwa nini nimemsogeza yeye na si Hadjara. Ninyi nitawaambia: kwa sababu yeye hatapiga kelele. Basi, ndiyo hivyo.

Akajibu upesi, akanishukuru. "Murakoze mama. Haina neno. Njoo alfajiri. Kanisani ni saa tano, nitakaa bila kusogea poda isiharibike. Najua kukaa hivyo. Tulivuka ziwa usiku hivyo."

Angenitukana, wallahi, ningepata nafuu. Nilisoma, nikaweka simu chini, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumamosi nilifika kwake giza bado. Chumba kimoja, taa ya simu, gauni limening'inia kwenye msumari. Mwanakwaya mwenzake alikuwa hajafika. Nilimpaka poda, nikambana nywele, nikamfunga vifungo vya mgongoni. Alikuwa amefumba macho, ametulia kabisa, hata nilipomvuta nywele hakushtuka. Nje wavuvi walikuwa wanarudi, wanaitana.

Simu yangu ikaanza kulia. Mama Hadjara. Nikaikata. Ikalia tena.

"Nimemaliza," nikasema. "Shela nitaliacha hapa kitandani. Mwenzako akija atakushushia, au siyo?"

"Yeye ni mutoto kama mimi," Esperance akasema. Akasimama, akaenda mwenyewe mpaka mlangoni, akanigeukia. "Shusha sasa."

"Sasa? Mwanangu, utakaa na shela usoni mpaka saa tano? Na joto hili? Na watu wa bwana hawajafika, nani ataona?"

"Shusha, mama. Ukienda, hakuna mwingine."

Nikamshushia. Mikono yangu ilijua kazi, mimi mwenyewe sikuwepo. Nikakumbuka vigelegele, nikafungua mdomo, sauti ikagoma. Akarudi polepole kwenye kiti, akakaa wima, mgongo haugusi kitu, mikono juu ya mapaja.

Kwa kina Hadjara walinipokea kwa matusi kwa sababu nimechelewa. Mashangazi wakanisukuma ndani, wakanipa chai, wakapiga vigelegele mpaka masikio yakaziba. Mama yake alipomshushia binti yake shela waligombania kushika pindo, kila mtu anataka. Niliwapisha, nikasimama ukutani na kichana mkononi. Ilikuwa saa nne. Esperance, kule kwake, alikuwa bado amekaa.