Maneno Ambayo Akon Hakuyafasiri

Akon, mkalimani wa Kidinka, alishindwa kuketi. Alizunguka ua wa kliniki ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma mara tatu, jua la saa nane likimchoma utosi, kisha akarudi ndani kabla Daktari Wekesa hajamwita.

"Mzee Manyang amezungumza karibu dakika tano," Wekesa alisema. "Wewe umenipa maneno mawili: mguu unamuuma. Mengine yako wapi?"

"Ni yake, daktari. Ameniomba nisiyaseme."

Kwenye mafunzo ya wakalimani kule Lodwar, mwaka 2012, waliambiwa: fasiri kila neno, usiongeze, usipunguze. Akon aliliandika hilo na kulipigia mstari.

"Wiki jana Athieng naye alikuomba. Mbona yake uliniambia?"

Ni kweli. Athieng, mjamzito, alikuwa akivuja damu. Alimnong'oneza Akon kwa Kidinka kwamba amekunywa dawa ya mizizi kuharakisha uchungu, akamsihi asimwambie daktari. Lakini macho yake yalikuwa kwa mama mkwe aliyeketi mlangoni, na Akon akaona ni woga unaozungumza. Ombi lenyewe ndilo lililomsukuma aseme. Aliandika kwenye karatasi, akampa Wekesa kimyakimya. Athieng akakimbizwa hospitali ya Lodwar, akapasuliwa, akapona yeye na mtoto.

Mzee Manyang hakumwogopa mtu. Alisimulia jinsi alivyomwacha mdogo wake njiani wakikimbia vita, angali hai, na kwamba kila akimkumbuka chakula hakipiti, kisha akamshika Akon mkono. "Binti yangu, hili libaki kwako."

"Basi tuweke hivi," Wekesa alisema. "Linalohusu ugonjwa, sema. Lisilohusu, nyamaza."

"Hili linahusu. Ndilo linalomdhoofisha."

"Basi ulipaswa kusema!"

Akon alitoka, akachuchumaa mbele ya mzee aliyengoja nje. "Baba, niruhusu nimwambie daktari jambo moja tu, kwamba huli." Manyang akakubali, naye Akon akarudi ndani kumweleza daktari.

Wekesa aliandika, akainua kichwa. "Sawa. Kuanzia leo, omba ruhusa kwanza."

"Ningemwomba Athieng mbele ya mama mkwe wake, angekataa. Na damu haingengoja."

Wekesa aliitupa kalamu mezani. "Na akija mkalimani anayeficha mambo ya ndugu zake? Nitamkamata kwa kanuni gani?"

"Muulize ameona nini kwa mgonjwa huyo, kama unavyoniuliza mimi. Akishindwa kukuonyesha, mfukuze. Hata mimi. Kila mgonjwa naanza naye kwa kufasiri kila neno, daktari. Lakini siwezi kuapa nitaishia hapo."

Hakumwambia kwamba jibu hilo halikumtuliza hata yeye mwenyewe.

Ijumaa Manyang alirudi. Alikuwa amekunywa uji siku tatu mfululizo. Jioni, sokoni, Athieng alipita na mtoto kifuani. Mama mkwe alikuwa ameshajua habari za mizizi kule hospitalini, na nyumbani hapakukalika. Athieng alimtazama Akon, akageuza uso.

Akon alipiga hatua mbili, akasimama. Hakujua kama huyu ni wa kufuatwa au wa kuachwa. Aliutazama mgongo wake ukipotea katikati ya vibanda, kisha akamfuata.