Ramani ya Ukutani ya Beni

Kahongya hakuwa na diploma ya chuo. Hakuwa na mtandao tangu juzi, wala karatasi pana ya kuharibu, maana roli ya karatasi ilikuwa imebakiza ya kutosha ramani moja tu. Na tangu asubuhi hakuwa na ruhusa ya kutoka katika duka lake mwenyewe la uchapaji, hapa Butembo. Askari wa Kapteni Roger alikuwa amekaa mlangoni, bunduki mapajani.

Kapteni, mtu wa Kasai aliyetumwa Beni, alitaka ramani ya ukutani, ukubwa wa A0, ya vijiji vya nyuma ya Eringeti. Kesho mizinga ingeelekezwa kwa ramani hiyo. Huko ndiko alikoolewa Falonne, binti wa Kahongya.

"Papa Kahongya, fichier ni ile. Chapa, tuende," Kapteni akasema.

Kahongya akaifungua kwenye kompyuta. JPEG, pikseli 1280 kwa 905.

"Capitaine, hii ilipitia kwa simu?"

"Ndiyo. Mais soma pale: dpi 300. Mutu wetu wa bureau aliiweka."

"Aliandika namba tu, hakuongeza kitu. Ni kama kuandika kilo mia juu ya kikapu. Kwa nukta 300 kila inchi, ramani yako ni sentimita kumi na moja, kiganja. Ukiivuta ifike mita moja na sentimita kumi na tisa, inabaki dpi 27."

"Muzee anahesabu kama professeur," askari akasema, akicheka.

"Professeur wa masomo ya mangaribi, baada ya kazi," Kahongya akajibu.

Akachapa kona moja kwenye karatasi ya A4, kwa ukubwa uleule wa ukutani. Majina yalikuwa uji. Alama nyekundu ya waasi ilikuwa imetapakaa juu ya vijiji viwili. Kimoja kilikuwa cha Falonne.

Kapteni akamsogezea kalamu. "Donc andika kwa mukono. Wewe ni mutu wa hapa. Ao unawaficha waasi?"

Kahongya aliishika. Kuitoa ile alama kwa Falonne na kuisogeza upande wa pili kulihitaji upana wa kidole kimoja tu. Lakini upande wa pili nako kulikuwa na mabinti wa watu.

Akaiweka kalamu juu ya karatasi nyeupe. "Hapana. Nipe chauffeur yako apeleke barua. Madame Audrey, mwenye kuchora, iko na ramani ya mwanzo kule Beni."

"Na wewe unabaki hapa mpaka arudi."

"Nilikuwa naenda wapi?"

Akaandika: *Madame Audrey, usitume kwa simu, weka kwenye clé USB. Nataka PDF iliyotoka moja kwa moja katika programu ya ramani, mistari na herufi zikiwa vekta, zivutike bila kuharibika. Si hii JPEG iliyovalishwa PDF. Ikishindikana, TIFF ya A0 kwa dpi 150, pikseli 7022 kwa 4967. Na uandike kwa tarakimu za latitudo na longitudo alama nyekundu inasimama wapi.*

Jina la Falonne hakuliandika. Alilamba bahasha, akaibonyeza kwa ngumi, akapiga mhuri wa duka juu ya kifuniko. Dereva akaitia mfukoni, na askari akasogeza miguu kumpisha.